Malipo yamekwama: tuulize kwanza, ndipo tufinye tena

(Maongezi tuliyofanya na wanakomite na waweka hazina wa vikundi, Kisangani)

Mlituomba tuongee juu ya jambo moja, na tutabaki kwa hilo moja. Pesa inatumwa toka konti ya kikundi ya banki, telefone inazunguka, inazunguka, kisha inaandika «Délai dépassé» ao «En cours de traitement». Mtu anabaki na telefone mkononi na hajui kama pesa imefika ao hapana. Afanye nini?

Wengi wanafinya tena. Tunaelewa sababu: mwenye kungojea pesa iko anaita, rezo ya hapa tunaijua sote, na kwa vitu vingine vingi kufinya tena ni sawa. Ukipiga telefone na haikupita, unapiga tena, hakuna hasara. Lakini malipo ya haraka hayafanani na kupiga telefone. Yale maneno «Délai dépassé» hayasemi kwamba malipo yamekataliwa. Yanasema tu kwamba telefone yako imechoka kungojea jibu.

Tufikiri mto wetu. Uko hapa Makiso, unatuma mtoto na mtumbwi avuke kwenda Lubunga kwa mchuuzi, na barua: «Mpe mama fulani mchele vikombe kumi.» Jua linashuka, mtoto hajarudi. Kuna mambo matatu yanaweza kuwa yametokea. Pengine hakuvuka hata kidogo. Pengine alivuka, mchele ukatolewa, na sasa amekosa mtumbwi wa kurudi. Pengine bado iko kwenye foleni mbele ya duka. Wewe ukiwa huku ngambo, mambo yote matatu yanaonekana sawasawa: mtoto hayuko. Ukituma mtoto wa pili na barua ileile, na ikawa wa kwanza alifika, mchuuzi atatoa vikombe ishirini, na hakukosea. Alipata barua mbili.

Banki njo vile. Amri yako inatoka kwenye telefone, inaingia kwa banki yako, banki inaipeleka kwa mtambo wa katikati, mtambo unaipeleka kwa banki ya mpokeaji ao kwa M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money. Kisha jibu linarudi njia ileile, hatua kwa hatua. Rezo inaweza kukatika wakati wa kwenda, na inaweza kukatika wakati wa kurudi. Ikikatika wakati wa kurudi, pesa imekwisha kufika na ni jibu tu limepotea.

Sasa tuwaeleze kisa cha kikundi kimoja tulichokisindikiza. Jina la kikundi tunaliacha, na la banki pia. Walikuwa na franka 1 000 000 kwenye konti, za kusaidia familia 12 zilizorudi ngambo ya kushoto, kila familia 80 000. Tuache makato ya banki pembeni ili hesabu iwe nyepesi. Mweka hazina alituma kwa familia tisa, zote zikapita. Ilibaki 280 000. Ya kumi ikakwama. Akangoja dakika chache, akaangalia salio: 280 000, halikuguswa. Akasema, basi haikuenda. Akatuma tena, ikapita, salio likawa 200 000. Akatuma ya kumi na moja, ikabaki 120 000. Alipofika kwa familia ya kumi na mbili, banki ikakataa: pesa haitoshi. Akafungua salio, akakuta 40 000.

Ile amri ya kumi ya kwanza haikuwa imekufa. Ilikuwa kwenye foleni, na mtambo ulipoamka ikaendelea na safari yake. Familia ya kumi ikapata 160 000, ya kumi na mbili ikapata sifuri. Na neno la kwanza lililosikika kwenye mkutano lilikuwa kwamba mweka hazina amekula pesa.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kikundi kilienda kwa banki kudai irudishe 80 000. Banki ikafungua vitabu vyake, ikaona amri mbili, kila moja na namba yake, zote mbili zimetoka kwa konti ya kikundi na namba ya siri ya kikundi. Kwa banki hakuna kosa lolote pale. Malipo ya haraka yakikwisha kufika yamekwisha. Banki haiwezi kuingia kwa konti ya mpokeaji na kutoa pesa kwa sababu mtumaji anajuta. Inaweza tu kumwomba mpokeaji akubali kurudisha. Na mpokeaji huyu, ambaye hakuiba kitu, alikuwa amekwisha kununua mabati.

Kwa hiyo neno kubwa ni hiyo namba ya amri, ile wanaandika «Référence» kwenye mesaji. Turudi kwa mchuuzi wetu. Kama barua ya pili ingesema «hii ni ile barua namba 7, kama ulikwisha kuitimiza usiitimize tena», angeangalia daftari lake, akaona namba 7 imelipwa, akajibu tu kwamba mchele umetoka. Mitambo mizuri inafanya hivyo: amri ikirudiwa na namba ileile, haihesabiwi mara mbili. Wale wanaotengeneza programu za banki wanajua, na mtambo wao ukirudia wenyewe kule ndani, unarudia na namba ya zamani.

Lakini wewe ukirudi mwanzo wa menyu, ukaandika tena namba ya mpokeaji, tena kiasi, tena namba ya siri, programu inatengeneza amri mpya na namba mpya. Ulinzi wote ule umeupita pembeni. Kwenye menyu ya USSD ni vilevile: menyu ikijifunga katikati na ukaifungua upya, umeanza amri nyingine. Kuna banki zinazoshtuka zikiona kiasi kilekile kwa mtu yuleyule ndani ya dakika chache, zinauliza «una hakika?» Ni vizuri, lakini msijenge nyumba juu ya hilo. Dakika hizo zikipita haiulizi tena, na mtu aliye na haraka anafinya «ndiyo» bila kusoma.

Kurudia kuna sura nyingine mbili, na tumeziona zote mbili. Ya kwanza: konti iko na wenye sahihi wawili. Malipo yanakwama kwa mama mweka hazina, anamwita prezidenti, prezidenti anasema «mimi rezo yangu ni nzuri, acha nitume huku». Hiyo ni amri ya pili. Ya pili: njia ya banki imekwama, basi tunamtumia kwa Airtel Money toka telefone ya mtu, tutarudishiana kesho. Hiyo pia ni amri ya pili, na mbaya zaidi, maana iko kwenye mtambo mwingine kabisa ambao hauwezi kujua lolote juu ya ile ya kwanza.

Basi tuulize wapi? Salio lenyewe ni shahidi dhaifu. Mlisikia kisa: salio halikuguswa na bado pesa ilienda. Kinyume chake kinatokea pia: banki inaweza kushika pesa pembeni, salio linashuka, kisha amri inakataliwa na pesa inarudi. Mesaji ya mpokeaji nayo inaweza kuchelewa masaa, ao kupotea, na pesa iko ndani. Mwambieni mpokeaji afungue konti yake aangalie historia, asisome tu mesaji. Akikuta pesa imeingia, na kiasi na saa vinalingana, jambo limekwisha. Asipoikuta, bado hamjajua kitu, maana inaweza kuwa njiani.

Jibu la kuaminika liko kwa banki yenu, ukiuliza kwa namba ya amri. Mitambo mingi ya leo inaongea lugha moja inayoitwa ISO 20022, na ndani yake barua ya kulipa (pacs.008) na barua ya kuuliza «ile ilifikia wapi?» (pacs.028) ni barua mbili tofauti. Kuuliza hakusogezi hata franka moja, unaweza kuuliza mara kumi. Kwa hiyo mkifika kwa gishe msiseme «malipo yalikataa, tunaomba kutuma tena». Semeni: «Tuko na amri hii, namba hii, saa hii, kiasi hiki, hali yake ya mwisho ni gani?»

Majibu yenye mwisho ni mawili tu: imelipwa, ao imekataliwa. Imekataliwa, na pesa imerudi kwenye konti, hapo tuma tena bila hofu. «Inaendelea» siyo mwisho. Na kuna jibu moja linalodanganya: «hatuioni». Watu wanafurahi, wanasema kumbe haikufika. Lakini pengine haionekani kwa sababu bado iko nyuma kwenye foleni. Mitambo iliyopangwa vizuri inaweka kikomo: Ulaya, kwa mfano, malipo ya haraka ya euro yana sekunde 10, na yakipita mpokeaji hajajibu, mtambo unayakataa. Hata pale, jibu zuri linaweza kutolewa kwenye sekunde ya mwisho na lisimfikie mtumaji, kwa hiyo banki zao nazo zinauliza. Ninyi ulizeni banki yenu: amri iliyokwama inakufa baada ya muda gani? «Hatuioni» iliyosemwa mbele ya muda huo haina uzito; iliyosemwa baada yake, kwa maandishi, inawafungulia njia.

Na kama malipo ni ya watu wengi, simamisheni yule mmoja tu. Andikeni alama ya kuuliza mbele ya jina lake, tengeni pesa yake kwenye hesabu kama iliyokwisha kutoka, endeleeni na wengine. Kikundi kile, kama kingetenga ile 80 000 ya kumi, kingebaki na 200 000. Familia mbili za mwisho zingelipwa, ingebaki 40 000, na ya kumi ingepata yake amri ilipoamka.

Mama mmoja alituuliza mwishoni: na kama mgonjwa iko hospitali, na banki inasema ngoja siku mbili? Hatukumjibu kwamba angoje. Toeni pesa taslimu kwenye sanduku, lakini iandikwe kama mkopo, si kama malipo. Mpokeaji aweke sahihi kwamba ile ya banki ikiingia, anarudisha hii. Tofauti na kufinya tena ni kwamba hapa wote wawili wanajua tangu mwanzo kwamba pesa mbili zinaweza kukutana, na ya nani ni ipi.

Familia ya kumi ilikubali kukatwa 20 000 kwenye kila zamu ya likelemba, mara nne. Ya kumi na mbili ilipewa ile 40 000 iliyobaki siku ileile, na nyingine 40 000 kidogokidogo, kadiri makato yalivyoingia.