Pesa zinazokatwa kwenye ankara ya kaunti, na jinsi zinavyohesabiwa

Swali linalosikika sana kwenye dirisha la malipo ni hili: ankara ilisema Sh464,000, mbona benki imepokea Sh444,000? Jibu ni kwamba Sh20,000 zimekwenda KRA kwa jina la mwenye ankara. Namna kiasi hicho kinavyopatikana kutoka kwenye picha ya ankara ndiyo mada ya leo, kwa sababu hapo ndipo pesa za mtu zinaweza kupotea.

Chukua ankara ya kukarabati mtaro wa barabara. Mwanakandarasi ameipiga picha kwa simu na kuituma. Programu ya kusoma maandishi kwenye picha inatoa tarakimu tatu: thamani ya kazi Sh400,000, VAT ya asilimia 16 ambayo ni Sh64,000, na jumla Sh464,000. Ushuru wa zuio kwa kawaida haujaandikwa popote kwenye karatasi hiyo. Hausomwi, unahesabiwa. Na hata pale muuzaji alipojiandikia mwenyewe makato chini ya jumla, mhasibu hapaswi kuyanakili tu, anahesabu upya.

Makato ni mawili. La kwanza ni ushuru wa mapato, ambao kwa kazi za ujenzi za mwanakandarasi mkazi wa Kenya ni asilimia 3. La pili ni sehemu ya VAT inayoshikiliwa na mlipaji, asilimia 2. Yote mawili hutozwa kwa thamani kabla ya VAT, yaani Sh400,000. Asilimia 3 ni Sh12,000 na asilimia 2 ni Sh8,000. KRA inapata Sh20,000, na mwanakandarasi analipwa Sh464,000 ukitoa hizo, yaani Sh444,000.

Kosa linalotokea kwa urahisi zaidi ni programu kushika jumla badala ya thamani, maana jumla ndiyo iliyochapishwa kwa wino mzito. Ukikata asilimia 5 ya Sh464,000 unapata Sh23,200. Mwanakandarasi amepunjwa Sh3,200, na hakuna tarakimu yoyote kwenye karatasi inayoonekana mbaya. Dalili yake ni rahisi kuipata: rudi kwenye makato, ugawanye kwa asilimia zake, uone kama unarudi kwenye Sh400,000.

Kosa la pili ni la picha yenyewe. Muhuri ukiangukia tarakimu, au karatasi ikiwa imekunjwa, 400,000 inaweza kusomeka 460,000. Hapa ankara inajitetea. Asilimia 16 ya 460,000 ni 73,600, lakini karatasi inasema 64,000. Tarakimu zisipokubaliana hivyo, ankara haiendelei mbele. Karani anafungua picha na kuisoma kwa macho. Ankara ya eTIMS ina pia msimbo wa QR, na ukiuskani unaona maelezo yaliyo kwa KRA. Hayo ndiyo ya kufuatwa, si picha iliyofifia.

Lakini kuna jambo ambalo hesabu hizo haziwezi kuligundua, nalo ni aina ya kazi. Tuseme Sh400,000 hizohizo ni za kuuzia kaunti saruji, bila ujenzi wowote. Tangu Desemba 27, 2024, bidhaa zinazouzwa kwa taasisi za umma na muuzaji mkazi hukatwa nusu asilimia ya ushuru wa mapato. Hiyo ni Sh2,000. Ukiongeza Sh8,000 za VAT, makato ni Sh10,000 na malipo ni Sh454,000. Tofauti ya Sh10,000 imetokana na mstari mmoja wa maelezo. Anayeandika “mtaro” tu kwenye ankara anamwachia karani abahatishe kama ni mabomba yaliyouzwa au kazi iliyofanywa. Karani makini atatafuta oda iliyotolewa na kaunti kabla ya kuchagua asilimia.

Baada ya kukata, mlipaji ana siku 5 za kazi kuwasilisha pesa KRA. Cheti cha makato huonekana kwenye akaunti ya iTax ya mwenye ankara. Zile Sh8,000 hupunguza VAT anayodaiwa, na Sh12,000 hupunguza ushuru wake wa mapato. Bila cheti, anaweza kudaiwa tena kile alichokwisha kukatwa.

Ndiyo maana PIN nayo huangaliwa. Ina herufi moja, tarakimu 9, kisha herufi nyingine. Programu ikisoma 8 kama B ndani ya tarakimu hizo, umbo litaikataa. Ikisoma 3 kama 8, umbo litakubali, na cheti kinaweza kwenda kwa mtu mwingine. Kwa hiyo jina linalotokea PIN inapoingizwa kwenye iTax lazima lifanane na jina la juu ya ankara, na mwenye ankara naye afungue akaunti yake wiki moja au mbili baada ya kulipwa, atafute Sh12,000 na Sh8,000 zake.