Vyeo Viwili kwa Wakati Mmoja: Cha Hapa na Cha Nje

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi, Eldoret



Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo ambalo limewapata watu wawili wa hapa kwetu katika muda mfupi. Nalo ni hili: mtu anaitwa na bwana mkubwa wake na kuambiwa atapandishwa cheo, na kabla hajajibu, kampuni nyingine inamletea barua ya kazi yenye mshahara mkubwa zaidi. Mtu huyo hulala usiku akigeuka huku na huku. Asubuhi akija kutuuliza sisi, wengi wetu humwambia, "Nenda kwenye pesa," na wengine humwambia, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Majibu hayo yote mawili hutolewa bila hesabu. Leo tutafanya hesabu.

Wa kwanza ni fundi wa mabehewa, mwenzetu wa miaka 11 kazini, ana mke na watoto watatu. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 36,000 kwa mwezi, na pesa za nyumba 9,000. Aliambiwa atakuwa foremani, msingi 45,000 na nyumba 12,000. Kampuni ya malori yenye yadi yake upande wa Maili Nne ilimwahidi 68,000, kwa kuwa anajua kuchomelea vyuma na kutengeneza breki za upepo, na trela za malori nazo zina breki za upepo. Yeye aliona 45 na 68, akasema, "Hapa hakuna shauri, naenda."

Tulimwambia kwanza alete karatasi zake za mshahara za miezi mitatu. Mwezi mmoja hautoshi, kwa sababu mizigo ikiwa mingi ovataimu hupanda, na ikipungua hushuka. Tulikuta ya kwamba kwa wastani anafanya saa 40 za ziada kwa mwezi, 30 katika siku za kazi na 10 katika siku za mapumziko. Kwa kawaida saa moja hupatikana kwa kugawanya msingi kwa 225, yaani shilingi 160 kwake. Siku ya kazi hulipwa mara moja na nusu, siku ya mapumziko mara mbili. Basi ovataimu yake ilikuwa 7,200 na 3,200, jumla 10,400. Maana yake ni kwamba mtu huyu hapokei 45,000 kama alivyodhani. Anapokea 55,400.

Sasa, foremani halipwi ovataimu. Mahali pengi mtu akiingia daraja la usimamizi hutoka katika mapatano ya chama na mwajiri, kwa sababu sheria ya mwaka 2007 ya uhusiano kazini inafunga mapatano hayo kwa wafanyakazi wanaostahili kuwakilishwa na chama, si kwa wasimamizi. Kwa hivi cheo kipya kitamlipa 57,000, na faida yake juu ya leo ni shilingi 1,600 tu. Kwa shilingi 1,600 ataamshwa usiku behewa likianguka njiani, ataandika ripoti, na atakuwa adui wa wenzake waliochelewa. Na mishahara ikiongezwa kwa mapatano ya chama, yeye hatakuwamo, ila kama mwajiri akipenda. Hatusemi haya kumkatisha mtu tamaa ya cheo. Twasema aijue bei yake.

Ile ya nje nayo tuliifungua vivyo hivyo. Barua ilisema "68,000 kwa jumla." Neno hilo "jumla" ndilo la kutazamwa. Linamaanisha pesa za nyumba zimo ndani, na hakuna kingine. Hapa kwetu mwajiri huweka asilimia 10 ya msingi katika mfuko wa pensheni, na kwa foremani ni 4,500 kila mwezi ambazo hazionekani mfukoni lakini ni zake. Kule hawana mfuko, wana NSSF tu, ambayo iko pande zote mbili na humfuata mtu kokote. Hapa mke na watoto hutibiwa kwa bima ya kazi. Alipouliza bei ya bima ya familia ya namna hiyo aliambiwa yapata 3,000 kwa mwezi. Hapa hutembea kwa miguu kuja stesheni; kule atapanda matatu, 100 kwa siku, na kwa siku 26 ni 2,600. Tofauti kati ya 68,000 na 57,000 ni 11,000. Ukitoa 4,500 ya pensheni, 3,000 ya hospitali na 2,600 ya nauli, inabaki 900.

Mwenzetu alitutazama kama kwamba sisi ndio tuliomwibia zile nyingine.

Lakini mshahara ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni hii: kazi ikivunjika, utatoka na nini? Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, mtu akipunguzwa kazi kwa sababu kazi imekwisha, hulipwa si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka mzima aliofanya. Tukihesabu nusu ya msingi wa 45,000 kwa miaka 11, ni shilingi 247,500. Siku anayoandika barua ya kuacha kazi, miaka hiyo 11 hufutika kwa jambo hili. Halipwi, kwa kuwa amejiondoa mwenyewe. Kule anaanza upya, na baada ya mwaka mmoja akipunguzwa atapata nusu ya mwezi, 34,000.

Na hata hiyo 34,000 haina hakika, kwa sababu barua ya kule ilisema mkataba ni wa miaka miwili. Mkataba wa muda ukifika mwisho wake na usifanywe upya, hiyo si kupunguzwa kazi. Umekwisha tu, na kama hakuna kiinua mgongo kilichoandikwa, mtu hutoka mikono mitupu. Tena kuna muda wa majaribio. Sheria inaruhusu miezi sita, na inaweza kuongezwa miezi sita mingine mfanyakazi akikubali. Katika muda huo notisi ni siku saba tu, wakati mtu wa mshahara wa mwezi aliyethibitishwa hupewa siku 28. Ni kweli kwamba mwaka 2021 Mahakama ya Ajira na Kazi iliamua kuwa hata mtu wa majaribio asikilizwe kabla ya kutolewa. Kusikilizwa ni vizuri, lakini hakulipi karo ya watoto.

Basi hapa ndipo tulipofanya hesabu tunayotaka muikumbuke. Chukua thamani ya miaka yako, uigawanye kwa tofauti ya kweli ya mwezi. Kwake yeye, 247,500 kwa 900 ni miezi 275, yaani karibu miaka 23 kabla ya pesa ya nje kufidia kile anachokiacha. Naye ana miaka 38.

Tafadhali msiifanye hesabu hiyo kuwa Injili. Zile 247,500 si pesa zilizo benki. Hulipwa tu kama kazi inapunguzwa. Ukistaafu, ukiacha au ukifukuzwa kwa kosa, hazipo. Ni kama mwavuli, thamani yake hutegemea mvua. Je, mvua yaweza kunyesha kwetu? Wazee wa reli wanajua. Novemba 2006 kampuni ya Rift Valley Railways ilikabidhiwa reli ya Kenya na Uganda kwa miaka 25, watu wakapunguzwa kwa maelfu, na wengine wakabadilishiwa mwajiri bila kuhama stesheni. Miaka hiyo 25 haikufika 11. Mwaka 2017 mkataba ulikatika na reli ikarudi kwa Shirika. Kwa hivi asiwepo mtu wa kusema ya kwamba kubaki ndani ndiko salama peke yake. Mwenye miaka mingi ana mwavuli mkubwa, lakini amekaa mahali panaponyesha.

Mtu wa pili ni kijana, ana miaka 3 kazini, hajaoa. Yeye alitakiwa na kampuni ile ile, na hapa aliahidiwa kupanda daraja moja. Baada ya kutoa yote kama tulivyotoa kwa mwenzake, tofauti yake ilibaki 9,000 kwa mwezi, maana hana familia ya kuilipia bima na ovataimu yake ilikuwa ndogo. Msingi wake ni 24,000, kwa hivi miaka yake 3 ilikuwa na thamani ya 36,000. Miezi minne tu inatosha kuifidia. Zaidi ya hayo, fundi wa mabehewa ana mnunuzi mmoja tu katika mji huu, na akijifunza malori atakuwa na wanunuzi ishirini. Tulimwambia aende, na amekwenda. Kampuni ni ile ile, yadi ni ile ile, lakini shauri ni mbali.

Kuhusu yule foremani wetu, hatukumwambia abaki kwa shilingi 1,600. Alirudi kwa mabwana wote wawili na maswali. Hapa aliomba mambo mawili: posho ya madaraka badala ya ovataimu iliyopotea, na neno la kuandikwa ya kwamba asipothibitishwa katika ukubwa atarudi daraja lake la zamani na miaka yake yote. Hili la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Mmoja wetu, zamani, mahali tusipopataja, alikaimu miezi tisa kwa ahadi ya mdomo. Bwana mkubwa akahamishwa, mpya akasema hajui habari hiyo, na nafasi yake ya zamani ilikwisha kupewa mtu mwingine. Kule nje mwenzetu aliomba majaribio yawe miezi mitatu na kiinua mgongo kiandikwe katika mkataba.

Hapa walimwandikia posho ya 3,000 na lile neno la kurudi. Kule walisema, "Kiinua mgongo utapata, usiwe na wasiwasi," lakini kalamu hawakuishika. Mwenzetu hakuwa ameandika barua ya kuacha kazi wala hakuwa amemtishia mtu kwa barua ya nje; alikuwa na nafasi zote mbili hadi siku ya mwisho, na hilo ndilo lililomsaidia. Ameanza uforemani Jumatatu iliyopita. Bado anaiona yadi ya malori kila apitapo Maili Nne, na anasema mwaka ujao, akithibitishwa, ataiuliza tena bei yake.

Katibu wa tawi ana karatasi yenye hesabu hizi, jina limefutwa kwa ruhusa ya mwenyewe. Mwenye barua mbili mkononi aje ofisini Jumamosi asubuhi, na alete karatasi za mshahara za miezi mitatu, barua zote mbili, na barua yake ya kwanza ya kuajiriwa kama angali nayo.