Pampu ya pumu na spesa: dawa ifike kifuani, isiishie kooni

Maelezo ya leo yanahusu pampu ya pumu, ile ambayo wengi huiita inhela, na kile chombo cha plastiki kinachofungwa mbele yake kiitwacho spesa. Yataanza na mama mmoja wa upande wa Njoro, kwa sababu yaliyompata huwapata wengi.

Mama huyo ana pumu tangu utotoni. Alipewa pampu mbili. Ya kwanza ni ya salbutamoli, ya kufungua kifua kinapobana. Ya pili ni ya beklometasoni, dawa ya jamii ya steroidi, ya kutumia kila asubuhi na jioni hata siku ambazo hajisikii mgonjwa, kwa sababu kazi yake ni kutuliza uvimbe ndani ya mirija ya hewa. Spesa alipewa pia, lakini jirani alimwambia ni ya watoto, akaiweka kabatini. Baada ya wiki kadhaa kinywa kikaanza kumuuma, sauti ikakwaruza, na ulimi ukafanya utando mweupe. Akaona dawa inamdhuru, akaiacha ile ya kila siku na kubaki na ya dharura peke yake. Msimu wa kuvuna ngano ulipofika, na vumbi likatanda, akawa anaamka usiku mara mbili au tatu akitafuta pumzi.

Alipofika kituo cha afya, afisa wa kliniki hakukimbilia kuandika dawa kali zaidi. Alimwambia, "Mama, toa pampu yako unionyeshe vile unavyoitumia nyumbani."

Mama akatoa kifuniko, akaweka pampu mdomoni, akabonyeza mara mbili kwa haraka, akavuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyeshtuka, kisha akapumua nje hapo hapo. Yote yalichukua kama sekunde tatu. Afisa akamuuliza dawa ilipita wapi. Mama akajibu kwamba ameisikia kooni, chungu kidogo. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe: dawa unayoionja sana kooni ni dawa iliyobaki kooni.

Ukibonyeza pampu, gesi iliyomo huisukuma dawa nje kwa kasi kubwa mno. Koo lina kona, na kitu chenye kasi hakikati kona vizuri, kwa hiyo sehemu kubwa ya dawa hugonga nyuma ya kinywa na kubaki hapo. Pia lazima ubonyeze na kuanza kuvuta hewa kwa wakati mmoja kabisa, jambo linalowashinda watu wazima wengi, si watoto tu. Spesa huondoa mambo haya mawili. Dawa huingia kwanza ndani ya chombo, kasi inapungua, matone makubwa yanabaki kwenye plastiki, na yale madogo yanayoweza kufika ndani ya mapafu yanangoja uyavute. Kwa hiyo spesa si ya watoto peke yao.

Sasa tufuate hatua kama alivyofundishwa mama huyo.

Kaa wima au simama. Toa kifuniko cha pampu na uangalie mdomo wake. Pampu inayobebwa mfukoni au kwenye mkoba bila kifuniko huokota sarafu, uzi au mabaki ya karanga, na kitu kama hicho kikivutwa kifuani ni balaa nyingine. Kama pampu ni mpya au imekaa siku nyingi bila kutumika, itikise na kuipuliza hewani mara chache kabla ya kuitumia. Idadi imeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya pakiti, kwa sababu pampu hazifanani.

Kisha itikise vizuri, juu chini, kwa sekunde tano hadi kumi. Katika pampu nyingi dawa ni unga laini sana ulioelea ndani ya gesi ya maji. Ikikaa mezani, unga na gesi hutengana, kama uji wa wimbi unavyotuama kwenye sufuria. Usipotikisa, pumzi moja inaweza kutoka na dawa kidogo mno na nyingine ikatoka na nyingi. Mtu atasema pampu haifanyi kazi, kumbe amevuta gesi.

Ukishatikisa, chomeka pampu nyuma ya spesa. Pumua nje taratibu mpaka kifua kiwe chepesi. Weka mdomo wa spesa katikati ya meno na ufunge midomo kuuzunguka pasiwe na mwanya. Bonyeza pampu mara moja tu, na papo hapo anza kuvuta hewa polepole kwa mdomo, kwa muda wa sekunde tatu hadi tano, mpaka kifua kijae. Usichelewe, kwa sababu dawa iliyomo ndani ya spesa huanza kutua na kushika kwenye kuta. Baada ya kuvuta, zuia pumzi huku ukihesabu polepole hadi kumi, au kadiri unavyoweza bila kujitesa. Pumzi ikizuiwa, dawa hupata nafasi ya kutua ndani ya mirija. Mama wa Njoro alipopumua nje hapo hapo, hata ile kidogo iliyofika ilitoka tena.

Baadhi ya spesa hupiga filimbi mtu anapovuta. Watu hudhani filimbi ni ishara kwamba mambo ni sawa. Ni kinyume: inakwambia unavuta kwa kasi kupita kiasi, punguza.

Kuna watu wasioweza kuvuta pumzi moja ndefu: mtoto, mzee, au mtu yeyote ambaye kifua kimeshambana. Hao wabonyezewe mara moja, kisha wapumue kawaida ndani na nje mara tano au sita bila kutoa mdomo kwenye spesa. Ukisikia vali ikigonga au kuiona ikicheza kwa kila pumzi, hewa inapita.

Kama umeandikiwa pumzi mbili, usibonyeze mara mbili ndani ya spesa moja kwa pamoja. Dawa ikijazana, matone hugongana na kushika ukutani, na unachovuta kinapungua. Maliza ya kwanza, ngoja kati ya nusu dakika na dakika moja, tikisa tena, ndipo ubonyeze ya pili. Kutikisa mara ya pili ndiko kunakosahaulika zaidi.

Sasa kinywa. Ule utando mweupe wa mama ulikuwa fangasi. Steroidi iliyobaki kwenye ulimi na koo hupunguza kinga ya sehemu hiyo, na fangasi ambao kwa kawaida wapo kinywani wakiwa wachache hupata nafasi ya kuenea. Dawa haikuwa mbaya, ilikuwa mahali pasipo pake. Kila baada ya kutumia pampu ya steroidi, chukua maji, sukutua kinywa, inua kichwa ugugumize kooni, kisha tema. Usimeze. Mama alisema kwamba huwa anakunywa chai baadaye, lakini chai hupita tu na kuteremsha dawa tumboni. Njia rahisi ni kuweka pampu hiyo karibu na mswaki, uitumie kabla ya kusafisha meno asubuhi na usiku. Pampu ya salbutamoli haina steroidi, kwa hiyo si lazima kusukutua baada yake. Usitegemee rangi kuzitofautisha, kwa maana watengenezaji hutofautiana. Soma jina au uliza kwenye duka la dawa.

Mtoto mdogo hutumia spesa yenye barakoa, na barakoa hiyo lazima ikae sawa juu ya pua na mdomo bila mwanya. Wazazi wengine husubiri mtoto alie wakiamini kwamba anavuta sana. Mtoto anayelia hutoa hewa kwa muda mrefu na kuvuta kwa ghafla, na dawa huishia kinywani. Mpakate, mwache aishike barakoa na kuichezea kwanza, au mpe akiwa ametulia. Kama dawa ni steroidi, baada ya hapo mpanguse uso kwa kitambaa chenye maji na umpe maji ya kunywa ikiwa hajui kutema.

Swali linaloulizwa kila mara ni bei ya spesa. Mwaka wa 1999, watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kulinganisha spesa za dukani na chupa ya plastiki ya mililita 500 kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa ilikuwa na tundu kwenye kitako la kuingiza pampu, na pampu ikazibwa pembeni isivuje hewa. Mtoto aliweka mdomo kwenye shingo ya chupa. Watoto waliotumia chupa hiyo walipata nafuu sawa na waliotumia spesa ya dukani. Kikombe cha povu, kile cheupe chepesi, hakikufanya vizuri. Kwa hiyo nyumba isiyo na spesa haina haja ya kungoja. Tundu lifanane na umbo la mdomo wa pampu, kingo zisiwe na makali wala vipande vya plastiki ndani, na mhudumu wa afya aikague kabla ya kutumika. Kwa kuwa haina vali, mgonjwa hupumua ndani na nje humo humo.

Spesa mpya, ya dukani au ya chupa, ioshwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya vyombo, kisha iachwe ikauke yenyewe. Usiisugue kwa kitambaa. Plastiki iliyosuguliwa hupata umeme tuli, ule unaofanya sweta ishike nywele, na umeme huo huivuta dawa ukutani. Ioshe hivyo kila wiki au mara moja kwa mwezi kulingana na maelezo yake.

Kuhusu kujua kama pampu imekwisha, kuielea ndani ya maji hakusaidii, na mlio wa gesi haumaanishi kuna dawa. Hesabu. Pampu ya mama ilikuwa na pumzi 200. Anatumia mbili asubuhi na mbili jioni, yaani nne kwa siku, kwa hiyo inamtosha siku 50. Aliyoianza tarehe 1 Machi itakwisha tarehe 19 Aprili, na tarehe hiyo aliiandika kwa kalamu kwenye pampu yenyewe.

Mbinu nzuri haizuii kila shambulio. Mtu akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, mbavu za mtoto zikizama anapovuta hewa, au salbutamoli ikishindwa kumpa nafuu ya saa nne, apelekwe hospitali mara moja, na aendelee kupewa pampu kwa spesa njiani.

Mama wa Njoro alitibiwa fangasi, akarudishiwa pampu yake ya kila siku kwa kipimo kile kile cha zamani, safari hii kwa spesa. Aliporudi baada ya mwezi, ulimi ulikuwa safi na alikuwa ameamka usiku kwa kukosa pumzi mara moja tu. Afisa alimwomba aonyeshe tena. Alisahau kutikisa kabla ya pumzi ya pili, wakarudia.