Chungu kinachotokota na chungu kinachochemka kwa upole

Juma hili nataka tuzungumze habari za moto na maji, na hasa mbaazi. Nimepata fursa ya kuzunguka Masasi na Newala msimu wa mavuno ya mbaazi, na karibu kila jiko nililolitembelea nilikuta jambo lile lile: kuni tatu nne zimesukumwa mpaka ndani ya mafiga, chungu kinatokota kwa kishindo, na mpishi amesimama na kibuyu cha maji mkononi akiongeza kila baada ya muda mfupi. Nilipouliza kwa nini moto ni mkali namna ile, jibu lilikuwa moja: ili ziive upesi.

Hapo ndipo penye hoja. Maji yakishafika kiwango chake cha kuchemka hayapandi tena joto, hata ukitia kuni za kijiji kizima. Pwani, kwa mfano Mtwara mjini, kiwango hicho ni nyuzi 100. Kadiri unavyopanda juu kinapungua, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Newala mjini, kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, maji huchemka kwenye nyuzi 97 au 98 hivi. Ukimaliza kuyafikisha hapo, moto wote unaozidi hauingii kwenye mbaazi. Unageuza maji kuwa mvuke, na mvuke unakwenda zake angani.

Na kugeuza maji kuwa mvuke ni kazi ghali sana. Joto linalohitajika kukausha lita moja ya maji yanayochemka ni zaidi ya mara sita ya lile lililohitajika kuifikisha lita hiyo kwenye kuchemka ilipokuwa baridi. Kwa hiyo yule anayechochea moto mkali anachoma kuni nyingi kwa kupoteza maji, kisha anachoma nyingine kupasha moto maji baridi aliyoongeza.

Kwingineko hasara hiyo ingevumilika. Uwanda wa Makonde ni mahali pengine kabisa. Udongo wake wa kichanga hunywa mvua yote, mito hakuna juu kule, na chemchemi ziko chini mabondeni. Tangu zamani akina mama wameteremka mteremko mkali na kupanda tena na mtungi kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza miaka ya 1950, husukuma maji kutoka bondeni hadi juu, na kila anayeishi Newala anajua jinsi yanavyokuwa ya taabu mabomba yanapokauka. Lita moja iliyopaa kwa mvuke ni lita iliyobebwa na mtu.

Basi nilijaribu mwenyewe. Nilichukua nusu kilo ya mbaazi kavu, nikazichambua, nikaziosha, nikaziloweka usiku kucha. Asubuhi nilizigawa sawasawa katika sufuria mbili zilizofanana, kila moja na lita mbili za maji. Zote nilizifikisha kwenye kuchemka. Ya kwanza niliiacha wazi, itokote kwa nguvu. Ya pili nilivuta kuni mbili nje, nikabakiza moja na makaa, nikafunika. Kwa saa moja ya kwanza ile iliyotokota ilinila zaidi ya lita moja ya maji. Iliyofunikwa ilipungua kwa kikombe kimoja hivi. Mbaazi zilikuwa laini karibu kwa wakati mmoja. Tofauti nyingine ilionekana kwenye sahani: zile za moto mkali zilikuwa zimepasuka maganda, nyingine zimekuwa uji huku nyingine zikiwa na kiini kigumu.

Mpishi atajuaje kwamba moto umekaa sawa? Asitazame moto, atazame uso wa maji. Maji yanayotokota hububujika chungu kizima, na hata ukikoroga kwa mwiko hayatulii. Yanayochemka kwa upole hupasua kiputo hapa, baadaye kingine pale. Hiyo ndiyo hali ya mbaazi, njugu mawe na kunde. Iko na hali ya tatu, nayo lugha yetu haijaipa jina lake peke yake: maji yanatoa mvuke, viputo vidogo kama punje za mchanga vimeshika chini ya sufuria, uso unatetemeka lakini haupasuki. Hayo mimi nayaita maji tulivu, na joto lake ni nyuzi 70 hadi 80 na kitu. Nitayarudia.

Mambo mawili kuhusu jamii ya maharage kabla sijasonga mbele. La kwanza, nyanya, ndimu na kwaju vingoje. Uchungu wake huimarisha ganda, na mbaazi iliyotiwa nyanya ikiwa bado ngumu inaweza kukuweka jikoni mpaka jioni. Tui la nazi nalo liingie mwisho, na hapo moto uwe mdogo zaidi, maana likitokota hukatika, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini.

La pili ni la hatari, nami naomba lisikilizwe vizuri. Maharage mekundu yana sumu yake ya asili, na sumu hiyo haitoki kwa upole. Inataka kutokota kwelikweli, si chini ya dakika 10; mimi kwa huku juu ninakofika kuchemka kwa nyuzi chache pungufu napendelea dakika 30. Ukiyapika tangu mwanzo kwa joto dogo lisilofika kuchemka, yanaweza hata kuwa mabaya kuliko mabichi, na alaye hutapika sana baada ya saa chache. Kwa hiyo loweka, mwaga maji ya kulowekea (yafaa kwa kunyweshea mche), tia maji mapya, yatokote kwanza kwa nguvu, ndipo uvute kuni.

Sasa yale maji tulivu. Ni ya samaki. Nyama ya samaki haina ugumu wa nyama ya ng'ombe. Inaiva chini kabisa ya kiwango cha kuchemka, na mtokoto unaivunja tu na kuikausha. Apikaye chukuchuku achemshe kwanza mchuzi wake wa kitunguu, nyanya, chumvi na ndimu mpaka ukolee, kisha apunguze moto hadi uso utulie, ndipo apange vipande. Kipande cha unene wa vidole viwili chataka dakika 8 hadi 10. Kimeiva pale nyama iliyokuwa kama kioo imegeuka nyeupe mpaka ndani na kuachana na mfupa. Samaki mkavu aliyepandishwa kutoka pwani ni habari nyingine. Huyo alowekwe, kisha achemshwe kwa upole kama mbaazi.

Na yai? Wauza mayai wa stendi ya Masasi huyatokosa nusu saa nzima, ndiyo maana ukiyakata unakuta duara la kijani limezunguka kiini na harufu kama ya baruti. Halina madhara, ila ni alama ya moto uliopita kiasi. Yafunike kwa maji baridi, yafikishe kwenye kuchemka, epua papo hapo na ufunike vizuri. Baada ya dakika 12 yameiva mpaka kiini, nayo kuni zimekwisha kuhamia chini ya chungu cha ugali.