135, 28 au 35? Ukisahihishwa, Shukuru Kisha Usahihishe Sawasawa



Leo tuongee jambo moja tu. Umeposti kitu, watu wameshea, halafu mtu anakuja anakwambia, "Hapo umekosea." Unaangalia, unakuta kweli. Ufanye nini? Wengi watajibu haraka: shukuru, futa, andika upya. Sawa, lakini hebu tuichukue posti moja ya hapa kwetu tuone kama ni rahisi hivyo.

Tuseme wewe ni kijana wa Sofia au Mwakingali, na umetengeneza picha nzuri kuhusu wafanyakazi waliojenga reli. Unataka watu wakumbuke kwamba reli hii tunayoiona kila siku ilijengwa kwa damu. Juu ya picha umeandika kwa herufi kubwa: SIMBA WA TSAVO WALIUA WAFANYAKAZI 135 MWAKA 1898. Posti inatembea. Kufika jioni imeingia grupu za shule, grupu za msikiti, mpaka grupu ya chama cha akina mama.

Kisha mzee mmoja anaandika pale chini: "Nyinyi vijana hamsomi. Hao 135 ni hadithi. Patterson mwenyewe ameandika 28. Toeni huo uongo."

Maneno makali, na mbele ya watu. Kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ni kumjibu kuhusu ile "hamsomi". Iache hiyo. Ndani ya sentensi zake kuna madai mawili yanayoweza kuchunguzwa: kwamba 135 si sahihi, na kwamba namba ya kweli ni 28. Yatenganishe, manake mtu anaweza kuwa na haki kwenye moja na asiwe nayo kwenye lingine. Hapa ndipo wengi huteleza. Wakishaona wamekosea wanashtuka, wanachukua namba ya aliyewasahihisha wanaibandika bila kuiangalia. Kosa moja linatoka, lingine linaingia, na safari hii limepewa jina la "sahihisho".

Sasa tuangalie. Patterson alikuwa mwanajeshi wa Uingereza aliyeletwa mwaka 1898 kusimamia ujenzi wa daraja la reli juu ya mto Tsavo, huko mbele ya Voi ukielekea Nairobi. Alifika mwezi Machi. Simba wawili walisumbua kambi za wafanyakazi kwa miezi, hadi kazi ikasimama kwa muda, na akawaua wote wawili mwezi Desemba mwaka huo huo. Mwaka 1907 akatoa kitabu chake. Humo anataja Wahindi 28 waliouawa. Kwa hiyo mzee hakutunga, 28 iko kitabuni.

Lakini soma vizuri hiyo 28 inahesabu nani. Inahesabu vibarua wa Kihindi, watu walioletwa kwa mkataba kutoka ng'ambo, na wengi katika wale wa reli walikuwa Waislamu wa Punjab. Papo hapo Patterson anaongeza kwamba Waafrika wengi pia waliuawa, ila hakuna rekodi rasmi iliyowekwa kuwahusu. Yaani waliokuwa na majina kwenye daftari la reli walihesabiwa. Wenyeji wa nchi hawakuhesabiwa.

Na ile 135 ilitoka wapi? Si ya mtandaoni, kama wengi wanavyodhani. Ilitoka kwa Patterson huyo huyo. Mwaka 1924 aliziuza ngozi za simba wale kwa jumba la makumbusho la Field, mjini Chicago, na mwaka uliofuata likatolewa kijitabu alichokiandika kwa ajili ya jumba hilo. Humo idadi imepanda hadi 135, Wahindi na Waafrika pamoja. Ni miaka zaidi ya 25 baada ya tukio, na wakati huo simba wanaonyeshwa kwa watu waliokuja kustaajabu. Rekodi ya Waafrika haikuwepo mwaka 1898, kwa hiyo huwezi kuiandika 135 kama vile ni hesabu iliyofanywa. Mzee ana haki hapo.

Kuna namba ya tatu, na usipoijua kuna mtu atakuletea tu. Mwaka 2009 wanasayansi walitoa utafiti wao juu ya mabaki ya simba hao. Walitumia njia ambayo kwa lugha nyepesi ni hivi: chakula unachokula kinaacha alama mwilini mwako. Mfupa unabeba alama ya miaka mingi, na nywele zinabeba alama ya miezi ya mwisho. Wakilinganisha alama za simba hao na za wanyama na watu wa eneo hilo, wakakadiria kwamba simba mmoja alikula watu kama 11, na mwenzake kama 24. Jumla ni 35 hivi. Wenyewe walisema makadirio yanaweza kuwa chini sana au juu zaidi, kati ya 4 na 72.

Basi namba ni 35? Pole pole. Utafiti ule unapima nyama iliyoliwa. Mtu aliyeuawa akaachwa, au aliyejeruhiwa akafa siku tatu baadaye, hana alama kwenye nywele za simba. Kwa hiyo 28, 35 na 135 si majibu matatu ya swali moja. Ya kwanza ni Wahindi waliouawa kwa mujibu wa kitabu. Ya pili ni kadirio la walioliwa. Ya tatu ni dai la baadaye la mtu aliyekuwa na hadithi ya kusimulia.

Sasa unaona kwa nini kubandika tu "Sahihisho: ni 28, si 135" kungekuwa na madhara. Uliposti ili wafanyakazi wakumbukwe. Ukiweka 28 peke yake umewafuta Waafrika kwa mara ya pili, tena umefanya hivyo ukiwa unajiona mnyoofu. Sahihisho lenyewe lazima libebe ile sentensi kwamba hawakuandikwa.

Turudi kwa mzee. Unamshukuru vipi mtu aliyekukaripia, mwenye haki nusu? Ile "asante kwa maoni yako" haimfai. Hiyo ni asante ya kumfungia mtu mlango, na si maoni aliyoleta, ameleta habari. Mwambie hasa alichokusaidia. Mfano:

"Shikamoo mzee wangu. Ahsante sana, jazakallahu khayran. Ni kweli 135 haina rekodi nyuma yake, na tumeitoa. Tumeikuta 28 kwenye kitabu cha 1907 kama ulivyosema. Pale pale Patterson anaeleza kuwa hiyo ni ya Wahindi tu, na Waafrika hawakuandikwa, kwa hiyo tumeliweka na hilo. Kama una habari zaidi ya wazee wa huku waliofia relini, tutafurahi kuisikia."

Angalia shukrani imekuja kwanza na imesimama peke yake. Haikufuatwa na "lakini na wewe umekosea". Nyongeza imeletwa kama jambo tulilolikuta kwenye kitabu alichotutajia yeye mwenyewe. Hiyo "hamsomi" haikujibiwa. Na swali la mwisho si la adabu tu, kwani mzee wa Taita anayejua kitabu cha Patterson huenda anajua mengi yasiyoko kitabuni.

Kisha sahihisho lenyewe. Usiifute posti kimya kimya. Ukiifuta, waliokwisha kuishea hawajui, na mzee anabaki kama aliyegombana na hewa. Weka juu kabisa ya maandishi, si chini ambako hakuna anayefika:

"SAHIHISHO: Posti hii ilisema simba wa Tsavo waliua wafanyakazi 135. Idadi hiyo haina rekodi ya wakati ule. Kitabu cha Patterson cha 1907 kinataja Wahindi 28, na kinasema Waafrika waliouawa hawakuandikwa. Utafiti wa 2009 unakadiria watu kama 35 waliliwa. Idadi kamili ya waliouawa haijulikani. Tunamshukuru msomaji aliyetuonyesha."

Lina kosa, lina ukweli, na mtu anaona ulipotoka. Jina la msomaji liweke akikubali tu, maana si kila mtu anataka kutajwa mbele ya maelfu. Muulize faraghani.

Watu pia husahau picha. Namba iliandikwa kwenye picha, na kubadilisha maneno ya chini hakubadilishi herufi kubwa za juu. Picha ndiyo inayotembea WhatsApp, bila maneno yako, bila sahihisho lako. Na WhatsApp yenyewe inakupa dakika 15 tu za kuhariri ujumbe uliotuma. Kwa hiyo tengeneza picha mpya, rangi zile zile ili watu waitambue, iandike SAHIHISHO, uipeleke kwenye grupu zile zile ulizotuma ya kwanza. Ya zamani haitakufa yote, hilo likubali. Ila mtu akiileta, adimini wa grupu ana ya kumwonyesha.

Neno moja la pembeni. Si kila anayesema "umekosea" amekuonyesha kosa. Ukiposti kwamba msikiti wa Sayyid Baghali pale Mackinnon Road uko Taita Taveta, atakuja mtu kusema uko Kwale. Huyo hajakuletea kosa kama la 135. Mpaka wa pale una mvutano wa muda mrefu kati ya kaunti mbili. Ukibadilisha kwa kumfurahisha mmoja, kesho atakuja wa pili. Mshukuru, uandike kwamba mpaka unagombaniwa, basi. Lakini akikwambia makao makuu ya kaunti si Voi bali ni Mwatate, hapo hakuna mvutano wa kusubiri. Voi ni mji mkubwa zaidi, makao ni Mwatate. Badilisha leo.

Na ile posti ya reli? Ukishaisahihisha, iache hewani. Siku moja mjukuu wa mmoja wa wale wasioandikwa anaweza kuikuta, akaandika jina la babu yake pale chini.