Jina Lako Kazini: Barua ya Kumwandikia Mukubwa wa Kazi

Maneno tuliyosema katika mukutano wa wanachama, Kolwezi



Tuliombwa tuzungumze juu ya jambo moja linalorudi kila mara tunapopita katika nyumba za wanachama. Mutu amerudi, amepata kazi, mushahara unaingia, lakini jina analoitwa kule kazini si lake. Wengine wanalivunja kwa sababu hawajui kulisoma. Wengine wanalijua vizuri, lakini wanalicheka. Na swali linakuja: je, tunaweza kumwandikia mukubwa wa kazi barua, tukaomba wenzetu watuite vile tunavyotaka?

Ndiyo, inawezekana. Lakini kabla ya kushika kalamu, mushike neno hili moja: barua hii inaomba kubadilisha kinywa cha wenzako, haiombi kubadilisha karatasi zako. Anayechanganya hayo mawili anajitafutia matata kwenye benki na kwenye CNSS.

Tuanze na karatasi. Wengi wetu hapa walipitia Zambia. Waliokuwa katika kambi za Kala na Mwange wanakumbuka misafara ya kurudi kati ya 2007 na 2010. Kule Zambia jina kama Chola linaandikwa kwa «Ch», na kila mutu analisoma vizuri. Lakini hapa kwetu macho yamefundishwa Kifaransa. Mutu wa biro akiona «Ch», mudomo wake unasema «Shola». Karani mwingine, akisikia mwenyewe anavyolitamka, anaandika kwa mutindo wa hapa, «Tshola». Basi mutu yule yule anakuwa na karatasi ya HCR yenye jina moja, karte ya uchaguzi yenye jina la pili, na kontra ya kazi yenye jina la tatu. Siku ya kudai haki yake, hao ni watu watatu.

Sasa fikiri: mutu huyo amechoka kuitwa «Shola», anaandika barua na kusema, «Tangu leo muandike jina langu Tchola, ndipo mutalisema vizuri.» Njo hapo hatari inapoingia. Ameongeza jina la ine. Sheria yetu ya familia, ile ya mwaka 1987 iliyorekebishwa 2016, haimpi mutu ruhusa ya kubadilisha herufi za jina lake au kugeuza mupangilio wake kwa mapenzi yake tu. Anayetaka hivyo anakwenda mbele ya tribinali ya amani ya mahali anapokaa, akiwa na sababu ya kweli. Mukubwa wa kazi hana mamlaka hayo, hata akiwa na moyo mwema.

Kwa hiyo usirekebishe sauti kwa kubadilisha maandishi. Chukua maandishi yaliyo katika karatasi ya eta sivil, au katika karte yako ya uchaguzi kama njo kitambulisho ulichotumia kuingia kazini, uyaache vile yalivyo. Kisha kando yake eleza jinsi yanavyosomwa: «Chola: silabi ya kwanza ni kama cho ya choko, si sho ya shoka.» Mustari mumoja unatosha.

Jambo la pili ni kuchagua. Karatasi zetu za Kongo zina vipande vitatu: nom, postnom na prenom. Wazee wanajua historia yake. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kizungu na ya Kikristo, na yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko. Baadaye prenom zikarudi, lakini vile vipande vingine vilibaki. Matokeo yake ni kwamba kazini kila mutu anachukua kipande anachoona ni chepesi, mara nyingi ile prenom, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo. Barua yako iseme wazi: katika hivi vitatu, kipi kitumike kuniita. Usiseme tu «muheshimu jina langu». Mukubwa atajibu kwamba analiheshimu, na kesho yake mambo yatakuwa vile vile.

Sasa tuchukue jina moja, tulifanyie kazi mpaka mwisho. Tumechagua Mujinga, kwa sababu tunalo katika familia nyingi, na kwa sababu ni jina linaloumiza wenyewe zaidi.

Kwa Baluba, Mujinga ni mutoto aliyezaliwa na kitovu kimemuzunguka shingoni. Ni jina la kushukuru: mutoto alipita katika hatari, akafika muzima. Hata kule Angola, malkia Njinga aliyepigana na Bareno na kufa mwaka 1663, inasimuliwa kwamba alipewa jina lake kwa sababu hiyo hiyo ya kitovu. Lakini katika Kiswahili mujinga ni mutu asiye na akili. Basi kapita akiita «Mujinga, kuja hapa!» mbele ya posti nzima, watu wanacheka. Siku ya kwanza ni muchezo. Kisha mwaka unapita.

Na tuseme lingine ambalo hapa Kolwezi hatulisahau. Mwaka 1992 na 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa Likasi na hapa kwetu, jina peke yake lilitosha kuonyesha mutu ametoka wapi. Kuna waliorudi wakaamua kujificha nyuma ya prenom, na kuna waliorudi wakasema, jina la mama yangu sitaliacha tena. Yote mawili ni haki ya mutu. Sisi hatuchagui kwa niaba yake. Tunachomuuliza kabla ya kuandika ni hiki tu: unataka waache kutumia Mujinga, au unataka walitumie na walitamke sawasawa? Hizo ni barua mbili tofauti, na barua inayotaka yote mawili haieleweki.

Tuseme anataka libaki. Anafanya kazi katika maabara ya kupima mawe, posti ya usiku. Tumetunga barua ya mufano kama hii:

«Bwana Mukubwa wa biro ya wafanyakazi,

Kisa cha barua: namna ya kuitwa kazini.

Ninafanya kazi katika maabara, posti ya usiku. Ninaomba wenzangu na wakubwa wa posti waniite Mujinga, kwa matamshi yake ya Chiluba: Mu-ji-nga. Herufi j ni laini kama ya mwanzo wa jina Jacques, si nzito kama ya neno la Kiswahili linalomaanisha mutu asiye na akili. In haipiti puani kwa Kifaransa, na sauti haikazwi mwishoni. Jina hili linapewa mutoto aliyezaliwa na kitovu shingoni.

Ninaomba mambo matatu: wakubwa wa posti waelezwe matamshi haya, jina hili njo liandikwe kwenye beji na kwenye orodha ya posti, na kulifanyia muchezo kukome.

Siombi mabadiliko yoyote katika kontra, karatasi ya mushahara, benki wala CNSS. Humo jina langu kamili libaki kama lilivyo katika kitambulisho changu, ambacho kopi yake iko pamoja na barua hii.

Niko tayari kuja kulitamka mbele yenu.»

Barua inaishia hapo, na saini na tarehe. Muone kwamba imefika nusu ya ukurasa tu. Haikutaja majina ya waliocheka. Kama kuna mutu mumoja anayekutukana kwa makusudi, hiyo ni mashitaka, inaandikwa kando na kupitia kwa delege wa sindika. Ukiyaweka yote katika barua moja, biro itashughulika na ugomvi, na jina litasahauliwa.

Muone pia kwamba matamshi yameelezwa kwa maneno ambayo wasomaji wake wanayajua tayari. Katika migodi yetu jina linasomwa na watu wa namna tatu. Mwenye Kifaransa anaipitisha «in» puani na kukaza mwisho. Mwenye Kiswahili anasikia tusi. Na mufasiri wa Bachina anaandika alichosikia, kisha wengine wanasoma alichoandika. Kwa huyo wa tatu, karatasi haitoshi. Chukua simu, sema jina lako mara mbili polepole, sauti ya sekunde tano, uiweke katika kundi la WhatsApp la posti yenu.

Kupeleka barua kuna utaratibu wake. Toa kopi mbili. Moja inabaki biro. Nyingine ipigwe muhuri wa kupokea, yenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Mupe delege wa sindika kopi ya tatu kama yuko. Kisha subiri wiki mbili hivi, halafu uende kuuliza kwa heshima.

Utajuaje kama barua imefanya kazi? Usiangalie jibu lililoandikwa, maana biro nyingi hazijibu. Angalia orodha ya posti inayobandikwa ukutani, angalia beji, sikiliza radio. Katika mugodi kuitwa kwenye radio si jambo la heshima tu. Mutu asiyetambua kwamba ni yeye anayeitwa haondoki mahali anapopaswa kuondoka. Sababu hiyo muitaje kwa mukubwa wa usalama. Yeye anaielewa haraka kuliko mukubwa wa biro.

Tuseme pia mipaka, ili mutu asirudi kwetu na hasira. Hatujui kifungu cha sheria ya kazi kinachomulazimisha mutu kulitamka jina la mwenzake vizuri. Barua hii ni ombi. Wako watu ambao ulimi wao hautafika kabisa kwenye ile j laini, na mutu anayejaribu usimugombeze. Unachoweza kukataa ni kicheko, na kupewa jina lingine bila kuulizwa. Na kama vipande vya jina lako tayari havifanani kati ya karte, kontra na CNSS, usiandike barua hii kwanza. Njoo na karatasi zote, tuziweke juu ya meza moja, tuone ipi ya kurekebishwa komini na ipi inahitaji tribinali. Jina la kinywani linaweza kungoja wiki chache. Pensheni yenye jina la mutu mwingine itakusumbua uzeeni.

Anayetaka kuandika, aje na kitambulisho chake na karatasi ya mushahara ya mwisho. Jina tutalisikia kwanza kutoka kinywani mwake, kisha njo tutaandika.