Kile Kidonge cha Njano: Kwa Nini Mtoto wa Selimundu Haachishwi Foliki

(Mada ya Kamati ya Afya katika mkutano mkuu wa mwaka)



Wazazi wa watoto wenye selimundu hutuuliza: "Mtoto hajaumwa miezi mitatu, mbona daktari bado anamwandikia kile kidonge cha njano?" Kidonge hicho ni asidi ya foliki, ambayo wengi tunaiita foliki tu.

Jibu limo katika hesabu. Seli nyekundu ya damu ya mtu asiye na ugonjwa huishi siku 120 hivi. Ya mgonjwa wa selimundu hupinda, hukakamaa, na mara nyingi huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Tuseme 15. Wakati mwili wa jirani unabadilisha seli zake mara moja, wa mtoto wetu umezibadilisha mara nane. Seli hizo hutengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa, na kazi hiyo haisimami hata siku mtoto anapocheza mpira. Kila seli mpya inahitaji foliki ili igawanyike na kukomaa. Ndiyo maana dawa hii ni ya kila siku, si ya siku za maumivu.

Je, chakula hakitoshi? Maharage na mboga za majani zina foliki, lakini moto mrefu huiharibu, na nyingine hutoka na maji tunayoyamwaga. Kisamvu chetu huchemka muda mrefu, na ugali wa muhogo hauna foliki ya kutosha kufidia.

Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka sita ambaye hemoglobini yake ya kawaida, akiwa mzima, ni 7.5. Vidonge vinaisha Desemba na havinunuliwi tena. Hakuna kinachoonekana mara moja, kwa sababu ini lina akiba. Kwa mtu wa kawaida akiba hiyo hutosha miezi mitatu au minne. Kwake huisha mapema zaidi. Kufikia Machi ulimi unauma, anachoka njiani kwenda shule, na kipimo kinasoma 6. Daktari anaangalia pia idadi ya seli changa. Kwa mgonjwa wa selimundu huwa nyingi. Zikiwa chache, na seli zilizopo zikiwa kubwa kupita kawaida, uboho umekosa foliki. Malaria ikimkuta katika hali hiyo, hana pa kushukia.

Hata hivyo, tuseme ukweli wote. Foliki haizuii maumivu wala haitibu selimundu. Nchini Jamaika, utafiti uliochapishwa 1983 uliwapa watoto wadogo wenye selimundu miligramu 5 kila siku kwa mwaka mmoja, na wengine kidonge kisicho na dawa. Foliki katika damu ilipanda, lakini hemoglobini na ukuaji havikutofautiana. Madaktari wanaendelea kuiandika ili upungufu usitokee, hasa kwa watoto wanaokula kama wetu. Kazi ya kupunguza maumivu ni ya haidroksiyurea, na foliki haishiki nafasi yake.

Vilevile, mtoto akipauka ghafla, ndani ya siku moja au mbili, au bandama ikivimba, msimwongezee vidonge. Huenda damu imejikusanya kwenye bandama, au kirusi kimesimamisha uboho. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni kumpa mtoto vidonge vya mama mjamzito. Hivyo vina madini ya chuma pamoja na foliki kidogo, chini ya nusu miligramu. Foliki ya mgonjwa kwa kawaida ni kidonge kitupu cha miligramu 5, na mtoto mdogo sana hupewa nusu. Chuma cha seli zinazovunjika hubaki mwilini, na kila chupa ya damu anayoongezewa huleta kingine. Asipewe chuma mpaka kipimo kionyeshe kimepungua. Someni maandishi ya pakiti kabla ya kutoka dukani.

Kwa wenye thalasemia, onyo la chuma ni kali zaidi. Asiyeongezewa damu, au anayeongezewa mara chache, huhitaji foliki kwa sababu ile ile: uboho wake unafanya kazi kupita kiasi. Anayeongezewa kila baada ya wiki chache, uboho wake hupumzika, na daktari anaweza kuiacha. Uamuzi huo ni wa daktari, baada ya vipimo.

Basi tunawaomba wazazi: pakiti ikibaki na vidonge vya wiki mbili, tafuteni nyingine, maana kivuko hakingojei mgonjwa. Na mkienda kliniki, ulizeni hemoglobini ya kawaida ya mtoto wenu, muiandike nyuma ya kadi yake. Siku akiumwa, namba hiyo ndiyo itakayomwambia mganga ameshuka kiasi gani.